Samaki wa barafu si samaki wa jana

*Wanunuzi wengi wa Dar es Salaam humkimbia samaki aliyelazwa kwenye barafu na kumchagua aliye mkavu mezani. Kwa vibua na jodari, uchaguzi huo unaweza kumwangusha mtu kitandani, na hakuna jicho wala pua itakayomwonya.*

NA MWANDISHI WETU

Jua linapochomoza juu ya mlango wa bandari, mnada wa alfajiri katika Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, huwa umeshapamba moto. Vibua waliovuliwa usiku kwa ring neti wameshushwa kwa ndoo, madalali wametaja bei, wachuuzi wamegawana mafungu. Kwenye meza za rejareja utaona makundi mawili. Kundi moja limepangwa kwenye meza tupu na hunyunyiziwa maji kila baada ya muda ili ling'ae. Jingine linatolewa kwenye deli, vipande vya barafu bado vimenasa kwenye mapezi.

Mnunuzi wa nyumbani akifika, mara nyingi humpita wa deli bila hata kumgusa. Kwake yeye barafu ni ushahidi kwamba samaki amelala, na aliye mezani bila barafu ndiye wa leo. Muuzaji anaijua fikra hiyo, na wapo wanaoitii: humtoa samaki kwenye barafu mapema, humfuta maji na kumpanga akiwa mkavu, kwa kuwa ndivyo anavyotoka haraka.

Fikra hiyo ina chanzo cha kweli. Kwa miaka mingi barafu ilikuwa ghali na chache, na aliyeitumia sana ni yule aliyebakiwa na samaki jioni. Kwa hiyo barafu ilikutana na samaki akiwa tayari ameshachoka. Lakini siku hizi zipo boti zinazotoka na barafu baharini, na samaki wao ndio wanaostahili kununuliwa kwanza.

Saa na joto

Samaki haharibiki kwa kuhesabu siku. Huharibika kwa kuhesabu saa na joto kwa pamoja. Wataalamu wa samaki hutumia kanuni nyepesi: chukua kasi ya kuharibika kwa samaki aliyezungukwa na barafu inayoyeyuka, yaani nyuzi 0. Kwenye nyuzi 5 kasi hiyo huwa zaidi ya mara mbili. Kwenye nyuzi 10 huwa karibu mara nne. Maana yake, samaki aliyekaa siku moja kwenye nyuzi 10 amezeeka sawa na aliyekaa siku nne kwenye barafu.

Joto la Dar es Salaam mchana hupita nyuzi 28 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwenye hali hiyo samaki hamalizi siku moja kabla ya kuharibika. Samaki huyo huyo, akiwekwa kwenye barafu ya kutosha tangu alipovuliwa, anaweza kufaa kuliwa kwa wiki mbili au zaidi, kwa sababu samaki wa maji ya joto hustahimili barafu kuliko wenzao wa maji ya baridi. Bakteria waliomzoea baharini ni wa joto, na baridi ya barafu huwakwamisha.

Barafu ya kutosha, kwa nchi za joto, ni kilo moja kwa kila kilo moja ya samaki. Vipande vitatu vilivyotupwa juu ya beseni lililojaa humpoza samaki wa juu tu. Wa katikati na wa chini wanaendelea kuiva kwa joto lao wenyewe.

> Kibua wa juzi aliyelala kwenye barafu tangu botini anaweza kuwa mzima kuliko kibua wa leo aliyekaa juani tangu alfajiri.

Dalili zinazosema kweli, na zinapokoma

Wapishi wazoefu huanza na jicho. Samaki aliyetoka majini ana jicho lililotuna, mboni nyeusi, na ngavu kiasi cha kuonyesha mwanga. Kadiri saa zinavyopita jicho hubonyea, kisha huingia ndani na kufunikwa na ukungu wa maziwa. Dalili hii ni nzuri, ila ina mipaka miwili. Barafu ikigusa jicho moja kwa moja hulitia ukungu hata samaki akiwa mpya, na huyu ndiye anayekataliwa kimakosa kila siku. Kwa upande mwingine, chewa aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hutokeza macho kwa sababu ya mabadiliko ya mgandamizo, na kutokeza huko hakuna habari na upya.

Kwa hiyo usiishie kwenye jicho. Inua shavu. Ndani yake kunapaswa kuwa na rangi nyekundu ya damu au ya waridi, na ute mwembamba usio na rangi. Rangi ikishageuka kahawia au kijivu, na ute ukawa mzito wenye kuvutika, samaki amekwenda mbali. Hapa pia kuna mpaka: maji ya barafu iliyoyeyuka husuuza damu, na shavu la samaki mzuri huweza kupauka. Kuna pia hila ya zamani ya masoko mengi, ya kupaka mashavu damu. Pitisha kidole gumba ndani, kikitoka na rangi nyingi, jiulize imetoka wapi.

Mamlaka ya mwisho ni harufu ya ndani ya shavu hilo hilo. Samaki mpya wa baharini ananuka bahari, karibu na mwani. Ile harufu tunayoiita "shombo kali" hutokana na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza kutoka kwenye kitu kilichomo kiasili katika nyama ya samaki wa maji chumvi. Papa na taa wana njia yao: miili yao imejaa urea, na wakianza kuharibika hutoa amonia inayochoma pua kama choo kilichofungwa. Sato na sangara wa maji baridi kwa kawaida hawatoi shombo hilo kwa nguvu. Mnunuzi wa Mwanza akitegemea pua pekee atachelewa kujua. Atazame zaidi shavu na ugumu wa nyama.

Ugumu ni somo jingine. Saa chache baada ya kufa samaki hukakamaa, na ukimshika kichwani mkia hauning'inii. Huyo mchukue bila wasiwasi mwingi. Baadaye ukakamavu huisha na nyama hulegea, lakini bado inapaswa kurudi ukiibonyeza. Alama ya kidole ikibaki, mwache. Kwa vibua na dagaa, tazama tumbo: vimeng'enya vya matumbo yao huanza kuula ukuta wa tumbo wenyewe, hasa kama walinaswa wakiwa wameshiba. Tumbo lililopasuka au lililolainika kwa chini linasema joto lilikuwa kali na muda ulikuwa mrefu.

Na kama ni samaki wa baruti? Uvuvi wa mabomu ulipungua pwani ya Tanzania baada ya misako ya katikati ya miaka ya 2010, lakini mnunuzi anafaa kuijua sura yake. Mpasue: utakuta damu imevia ndani ya nyama na kandokando ya uti wa mgongo, mfupa umeachana na nyama au umevunjika, na kibofu cha hewa kimepasuka. Nyama hiyo iliyopondeka huoza haraka kuliko ya samaki wa nyavu.

Sumu isiyonuka

Yote hayo hueleza uozo. Lipo jambo ambalo hayalielezi, nalo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Vibua, jodari na nguru, pamoja na kolekole, dagaa, sulisuli na fulusi, wana kiasi kikubwa cha asidi amino inayoitwa histidini katika nyama yao. Samaki akiwa hai haina shida. Akifa na kuachwa kwenye joto, bakteria waliomo mashavuni na matumboni huibadilisha kuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili wa mtu huitoa anapopata mzio. Inaweza kufikia kiwango cha kudhuru wakati jicho bado linang'aa kiasi na harufu haijawa mbaya.

Anayekula samaki huyo huanza kuona mabadiliko ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi. Uso na shingo huwaka na kuwa moto, kichwa huuma, moyo hudunda, ngozi huwasha na kutoka mabaka, wengine hutapika au kuhara. Mara nyingi hali hutulia ndani ya siku moja, na dawa za mzio husaidia. Anayebanwa na pumzi, anayezimia au mwenye ugonjwa wa moyo au pumu apelekwe hospitali bila kusubiri.

Kwa kuwa dalili zinafanana na mzio, wengi huondoka wakiamini wana aleji ya samaki, na huacha kumla maisha yao yote. Ukweli unaweza kujulikana kwa maswali mawili. Je, alishawahi kula jodari mara nyingi bila tatizo? Je, waliokula sahani moja naye waliugua pia? Majibu yakiwa ndiyo, wa kutiliwa shaka kwanza ni samaki yule, si damu ya mlaji.

Jambo gumu zaidi kulikubali jikoni ni hili: histamini haifi kwa moto. Kukaanga, kuchemsha, kubanika na hata kugandisha huua au hulaza bakteria, lakini kemikali waliyokwisha kuitengeneza hubaki ilivyo. Ndimu nayo hufunga ile trimethilamini na kulifuta shombo, ndiyo maana samaki aliyeoshwa kwa ndimu hunukia vizuri. Histamini haiguswi.

> Ndimu huondoa harufu. Haiondoi histamini, wala mafuta ya moto hayaiondoi.

Kuna ishara mbili zinazochelewa, lakini si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ladha: nyama inayouma ulimi kama pilipili, wakati mpishi hakutia pilipili, itemwe. Ya pili ni sura ya jodari aliyeiva: vijitundu vingi ndani ya nyama, mfano wa sega la nyuki, huonyesha kwamba aliharibika kabla hajaingia jikoni. Kutokuwapo kwa ishara hizi hakuthibitishi usalama.

Safari ya ndoo moja

Tuifuate ndoo moja ya vibua, kwa saa tu. Tuseme nyavu zilivutwa saa saba usiku, boti haina barafu, hewa iko nyuzi 28 au zaidi kidogo. Saa kumi na mbili asubuhi inatia nanga Feri. Samaki wana saa tano tangu wafe. Ukiwatazama wakati huo ni wazuri: wamekakamaa, jicho linang'aa, shavu ni damu.

Mnada unaisha saa moja. Mchuuzi anaipakia ndoo kwenye bodaboda kwenda Mbagala, anafika saa mbili na nusu, anapanga fungu kwenye meza iliyo chini ya mwavuli. Sasa ni saa saba na nusu tangu wafe. Mwongozo wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kwa samaki wa kundi hili unataka wawe kwenye barafu ndani ya saa 6 tangu kufa kama hewa au maji yamezidi nyuzi 28.3, na ndani ya saa 9 kama joto halijafika hapo. Kwa hiyo kabla mteja wa kwanza hajasimama, ndoo hii imeshapita kikomo kimoja na imebakiza saa moja na nusu kufikia cha pili.

Saa tano asubuhi wamebaki nusu, saa kumi alasiri robo. Saa kumi na mbili jioni, saa kumi na saba tangu wafe, waliobaki wanapewa mkaangaji kwa bei ya kutupa. Wanapakwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, wanatumbukizwa kwenye mafuta. Mteja wa usiku anapata kibua mkavu, mwekundu, anayenukia. Hana jicho la kutazama wala shavu la kuinua.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Boti ilitoka na barafu, na vibua wakapangwa kwa tabaka, barafu, samaki, barafu, mara tu walipotoka kwenye nyavu. Ndoo ile ile inafika Mbagala ikiwa kwenye deli lililofunikwa. Jioni ile, kwa kipimo cha histamini, samaki hawa wangali wapya, ingawa macho yao yana ukungu na mashavu yamepauka. Mnunuzi anayefuata macho peke yake angemchukua wa meza kavu asubuhi na kumwacha huyu.

Nani abebe barafu?

Wavuvi na wachuuzi wana hoja nzito. Barafu inalipiwa kabla samaki hajapatikana, na usiku wa mbalamwezi ring neti huweza kurudi karibu tupu huku barafu imeshayeyuka. Boti ndogo haina nafasi ya kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Na zaidi ya yote, mnadani hakuna bei ya ziada kwa aliyetunza: dalali anauza kwa ndoo na kwa macho, na macho humpendelea samaki mkavu.

Upande wa pili liko soko la nje. Samaki wa jamii hii anayeuzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hupimwa kwa sampuli tisa kwa kila shehena. Wastani usizidi miligramu 100 za histamini kwa kilo, sampuli mbili tu ndizo zinazoruhusiwa kuwa kati ya 100 na 200, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kuvuka 200. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, navyo vimeweka 200 kuwa ukomo wa usalama. Kwa soko la ndani, maofisa uvuvi wapo bandarini, na Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula tangu 2019, lakini fungu la vibua la Mbagala haliongozani na cheti cha maabara. Kinacholipima ni mkono wa mnunuzi.

Nyama ya ng'ombe angalau hutoka machinjioni na mhuri wa mkaguzi, ingawa mhuri huo unasema mnyama alikuwa mzima, hausemi nyama imening'inia buchani saa ngapi. Yai nalo hujisema lenyewe: litie kwenye maji, na kadiri lilivyozeeka ndivyo chumba chake cha hewa kilivyopanuka na kulinyanyua, mpaka linaelea. Kibua hana mhuri, wala hapimwi kwa bakuli la maji.

Ndiyo maana naona nguvu iliyobaki iko kwa anayenunua, na haihitaji sheria mpya. Mnunuzi akiacha kuuliza "ni wa leo?" na kuanza kuuliza "alitiwa barafu saa ngapi?", barafu itapata bei. Mchuuzi ambaye sasa humfuta samaki ili aonekane mkavu ataacha kumfuta. Swali hilo lina jibu linaloweza kukaguliwa papo hapo: ingiza mkono katikati ya deli, chini, si juu. Samaki wa chini awe baridi ya kuuma vidole, na barafu iwepo kati yao. Akiwa vuguvugu, maelezo mengine yote hayana kazi.

Kwa jodari mkubwa ongeza swali la pili: alitolewa matumbo lini? Damu ya jodari ina joto kuliko maji anamoogelea, na mwili mnene wa kilo makumi hupoa taratibu. Anayepasuliwa mapema na kujazwa barafu tumboni hupoa pande zote. Ukimnunua kwa kipande, tafuta nyama inayong'aa na iliyoshikana. Ukanda mweusi wa damu uliogeuka kahawia na nyama inayoachana tabaka kwa tabaka ni sababu ya kuendelea na meza inayofuata.

Kutoka sokoni hadi sufuriani

Saa za histamini haziishi ukishalipa. Mpara samaki atoe mashavu na matumbo yote, kwani ndimo walimo bakteria, na asuuze kwa maji safi, si kwa ndoo ambayo imeshaoshea samaki wa wateja wote tangu alfajiri. Nenda sokoni na kidumu cha maji yaliyogandishwa au mfuko wa barafu, na ufanye samaki awe kitu cha mwisho kununua, baada ya nazi na mboga.

Ukifika nyumbani, vibua wanaopikwa siku hiyo wakae kwenye friji au barafuni mpaka mafuta yawe moto. Kuwatia chumvi na ndimu kisha kuwaacha juu ya meza saa mbili "waingie viungo" ni kuwarejesha kwenye joto lile lile. Viungo huingia ndani ya friji pia. Friji yenyewe hupunguza kasi ya bakteria, lakini kimeng'enya walichokwisha kukiacha kwenye nyama huendelea kutengeneza histamini polepole hata kwenye baridi. Kwa hiyo jodari aliyekwisha kupata joto sokoni hanufaiki kwa kulazwa siku tatu kwenye friji.

Wa kugandisha agandishwe siku hiyo hiyo, kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja, ili usiyeyushe kilo tatu kwa sababu ya vipande viwili. Siku ya kupika mhamishe usiku kutoka kwenye friza hadi sehemu ya chini ya friji ayeyuke humo, na umeme ukikatika mpaka akawa amelainika na kupata vuguvugu bila wewe kujua kwa muda gani, usimgandishe tena kwa matumaini.